Swali linalojibiwa "Ndiyo": uhakiki wa swali moja la tabianchi

Swali lenyewe hili hapa: "Je, mabadiliko ya tabianchi yameathiri maisha yako?"

Kama umewahi kusoma hojaji ya mwanafunzi wa shahada yoyote inayohusu mazingira hapa Kilimanjaro, basi umeshakutana nalo, au na ndugu yake wa karibu. Ukiliuliza Kibosho, Marangu au Rombo, majibu utakayorudi nayo unaweza kuyaandika kabla hujapanda daladala: Ndiyo. Ndiyo sana. Kwa kweli. Ukiwa na bahati, mtu mmoja ataongeza kwamba mvua siku hizi hazieleweki.

Hapo mtafiti huanza kulalamika kwamba wananchi hawapendi kujieleza. Mimi nasema hapana. Wananchi wamejibu vizuri kabisa swali waliloulizwa, kwa hiyo tulihakiki swali lenyewe, kama mtu anavyohakiki kitabu: lina nini ndani yake, na linamtaka mtu afanye nini?

Tuanze na umbo. Sentensi inayoanza na "Je" na kufuatiwa na kitenzi kilichokamilika haiachi kazi nyingi kwa anayejibu. Muulizaji ameshasema kila kitu: kuna mabadiliko, yanaitwa ya tabianchi, yameathiri, na kilichoathiriwa ni maisha yako. Kilichobaki ni kugonga muhuri. Na anayeulizwa ni mtu mwenye adabu zake. Umemfuata nyumbani, umemwamkia shikamoo, amekupa kigoda ukae. Atakwambia hapana, mwanangu, umekosea? Watu wa fani ya hojaji wanaijua tabia hii siku nyingi: mtu akiulizwa jambo kwa umbo la kukubali au kukataa, huelemea upande wa kukubali, hasa akimwona muulizaji kuwa ni msomi au mgeni wa heshima.

Basi wengine hulikwepa hilo kwa kutumia swali wazi: "Unaonaje hali ya hewa siku hizi?" au "Habari za kilimo?" Kwenye karatasi linaonekana zuri, maana halina ndiyo wala hapana. Lakini sikiliza Kiswahili chenyewe. Kwetu, "habari ya" fulani ni salamu, na salamu ina jibu lake: nzuri. Hata aliyefiwa jana huanza na "nzuri" au "salama" ndipo aeleze. Swali lenye umbo la salamu hujibiwa kama salamu: "Nzuri tu, tunamshukuru Mungu." Yaani umefungua mlango, naye ameufunga kwa upole, na wote wawili mmefuata adabu. Kwa hiyo ile kanuni ya vitabuni kwamba swali wazi huleta maelezo na swali funge huleta neno moja, kwetu haitoshi.

Sasa twende kwenye mfano wa zamani, ambao umetokea hapa hapa kwenye mlima.

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, alikuwa njiani kuja Uchaggani. Aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa safari aliutaja weupe ule kwa neno moja: baridi. Rebmann aliliandika neno hilo kwenye kumbukumbu zake, na yeye mwenyewe akaamini kwamba kile hakiwezi kuwa kitu kingine ila theluji.

Jibu la "baridi" halikuwa la kijinga wala la uongo. Fikiria mtu aliyetembea tambarare za Taita na Taveta, anaulizwa jina la kitu kilicho juu ya mlima wa karibu mita 6,000. Hakuwa na jina la kutoa, kwa hiyo akataja kile anachojua juu ya kitu hicho: kwamba ni baridi. Swali la "kile ni nini" humwomba mtu jina. Akiwa na jina, utapata neno moja. Asipokuwa nalo, utapata neno moja la karibu. Vyovyote iwavyo, ni neno moja.

Neno hilo moja halikumsaidia Rebmann. Habari zake zilipofika Ulaya, mwanajiografia wa London aliyeitwa William Desborough Cooley alizikataa katakata. Cooley hakuwahi kufika huku. Kwake, theluji karibu na ikweta ilikuwa ni macho ya mmisionari yaliyodanganyika, na mabishano hayo yalikwenda kwa miaka. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda mpaka zaidi ya mita 4,000 na kuangukiwa na theluji wakiwa huko huko juu.

Lakini kwenye kumbukumbu zile zile za safari za Rebmann kuna jibu la aina nyingine kabisa. Kiongozi wa safari alimsimulia kwamba Mangi Rengua wa Machame, baba yake Mangi Mamkinga, aliwahi kutuma kundi kubwa la watu wapande wakaone ule weupe ni kitu gani, labda ni fedha. Aliyerudi ni mmoja tu. Wenzake waliuawa na baridi na hofu, maana walidhani wameshambuliwa na pepo, wakakimbia, wakazidi kuingia kwenye baridi kali zaidi. Msimuliaji akaongeza kwamba yule aliyepona amemwona kwa macho yake, mikono na miguu imejikunja kwa ndani kwa kuharibiwa na baridi, na kisa alikisikia kutoka kinywani mwake.

Ona tofauti. Weupe ni ule ule na mlima ni ule ule. Jibu la kwanza lina neno moja. La pili lina nani alituma, kwa nini, nini kilitokea, nani alirudi, mwili wake ulikuwaje, na msimuliaji alijuaje. Ukimpa daktari habari ile ya mikono na miguu, atakwambia ni baridi iliyogandisha nyama ya mwili. Yaani ushahidi ambao Cooley aliuhitaji ulikuwepo kwenye midomo ya watu, lakini ulikaa ndani ya tukio. Kwenye jina la kitu haukuwemo.

Hilo ndilo jambo langu moja katika makala hii: mtu akiombwa jina au hukumu, hutoa neno. Akiombwa tukio alilolishuhudia, hutoa maelezo.

Sasa turudi kwenye swali letu baya tulitengeneze. Tabianchi ni pana mno, kwa hiyo tuchukue kitu kimoja ambacho kila mtu wa mlimani anakijua: mfongo. Kwa msomaji wa mbali, mfongo ni mfereji uliochimbwa kutoka kwenye kijito juu, ukapitishwa ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani yenye migomba, kahawa na majani ya ng'ombe. Mifongo mingi ni ya udongo mtupu. Ina zamu za maji, ina siku za kusafisha kwa pamoja, na ina mzee anayeisimamia. Ilikuwepo kabla wakoloni hawajafika.

Jaribio la kwanza: "Je, maji ya mfongo yamepungua?" Ndiyo. Tumeshalijua tatizo lake.

Jaribio la pili: "Unaonaje hali ya mfongo wenu?" Si nzuri. Hii ni hukumu, na hukumu ni neno.

Jaribio la tatu: "Tueleze kuhusu mfongo." Hapa wengi hudhani wamefika, maana mtu ataongea. Lakini ataongea kama anatoa hotuba: mfongo umetusaidia sana, wazee wetu walikuwa na akili, vijana wa leo hawajali. Yote yanaweza kuwa kweli, ila hayatofautishi mfongo wa Uru na mfongo wa Mwika. Umemwachia kazi ya kuchagua nini kinastahili kusemwa, naye akachagua kile kinachofaa kusemwa mbele ya mgeni.

Jaribio la nne: "Kumbuka mara ya mwisho maji yalipokosa kufika shambani kwako. Ilikuwaje?" Hapa tumeanza kupata kitu. "Mara ya mwisho" inamchagulia mtu tukio moja, hahangaiki na miaka hamsini yote. Lakini bado tumedhani jibu: tumeshaamua kwamba maji yalikosa kufika. Ambaye yalimfikia vizuri atanyamaza, au atatafuta siku mbaya ili asituangushe.

Jaribio la tano: "Baba, zamu yako ya mwisho ya maji kiangazi hiki, maji yalifika mpaka wapi shambani kabla zamu haijaisha? Na kabla ya hapo yalipitia kwa nani?"

Hili ndilo ningekwenda nalo. Halisemi kama maji ni mengi au machache. Linamtaka atembee shambani kwa mawazo: yalipita kwenye migomba ya juu, yakafika kwenye kahawa, yakaishia pale penye mti wa mringaringa. Hawezi kujibu "ndiyo". Hawezi kujibu "nzuri". Hata akijibu kwa ufupi kabisa, "yaliishia kwenye kahawa", hilo ni jambo unaloweza kwenda kulitazama na kulipima kwa hatua. Na ile sehemu ya pili, ya kwa nani yalipitia, inafungua habari ya walio juu yake kwenye mfereji bila kumtuhumu mtu.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Kwa sababu "ndiyo" ya swali la kwanza inaficha angalau mambo manne yasiyofanana. Maji yanaweza kushindwa kukufikia kwa sababu mvua imebadilika. Au kijito chenyewe kimepungukiwa kwa sababu ya hali ya msitu juu yake. Au watumiaji wa juu wameongezeka, na sehemu ya maji imeingizwa kwenye mabomba. Au mfongo wenyewe unavuja, kwa kuwa vijana wa kuusafisha wako Moshi mjini, Arusha na Dar. Kila moja ina dawa yake. Anayevuja anahitaji saruji na siku za kazi. Aliyezidiwa na watumiaji wa juu anahitaji kikao. Ukiandika "asilimia kubwa ya wahojiwa walikubali kwamba mabadiliko ya tabianchi yamewaathiri", umeyatia yote manne kwenye gunia moja na kulishona mdomo. Mradi ukija na miche ya miti wakati tatizo lilikuwa mfereji kuvuja, usishangae.

Tuseme sasa unataka kulinganisha leo na zamani. Hapa kuna mtego mzuri sana, na watu makini huingia humo. Ukisema "miaka ya nyuma" au "zamani", kila mtu ana zamani yake. Kwa hiyo vitabu vya mbinu hushauri utumie tukio ambalo kila mtu analikumbuka. Kwetu tukio la kwanza kuja kichwani ni mvua za Elinino za mwaka 1997 na 1998. Nani asiyezikumbuka? Basi unauliza: "Wakati wa Elinino maji yalifika wapi?" Jibu litakuwa refu na la kuvutia: yalifika kila mahali, yalibomoa kingo, daraja likaenda. Lakini fikiri. Mwaka unakumbukwa kwa sababu haukuwa wa kawaida. Ukiufanya kipimo cha zamani, kila mwaka wa leo utaonekana mkavu. Tukio la kukumbukwa ni kigingi kizuri cha kufungia kamba, lakini hupimi hapo kwenye kigingi. Uliza hivi: "Kiangazi kile cha kabla Elinino haijaja, zamu yako ilipofika, maji yaliishia wapi?" Kigingi kinampa tarehe, na kipimo unakichukua pembeni yake.

Kuna neno jingine linaloua majibu, nalo ni "kwa nini". Kwenye maabara ni neno zuri. Kwenye kihamba cha mtu linanuka mashtaka. "Kwa nini ulikata ule mti?" Kukata mti Kilimanjaro ni jambo lenye vibali na faini, kwa hiyo mtu mwenye akili timamu atajibu kwa neno moja: ulikauka. "Kwa nini hukwenda kwenye kazi ya mfongo?" Niliumwa. Badilisha neno moja tu: "Ilikuwaje mpaka ule mti ukakatwa?" Kitenzi kimeondoka kwake kikaenda kwenye mti, na sasa anaweza kuanza mbali: mwaka ule, mtoto alikuwa anaanza sekondari. "Ilikuwaje" huomba kisa, wakati "kwa nini" huomba utetezi.

Ukiuliza watu wengi kwa pamoja, kwa mfano baada ya kikao cha kijiji au ibada, kuna jambo moja la kuangalia: jibu la kwanza. Akianza mzee anayeheshimika na kusema "maji yamekwisha, dunia imeharibika", wote watafuata na "kweli kabisa". Swali la "yalifika mpaka wapi" linahimili hilo kuliko mengine, maana shamba la mzee si shamba la mama wa chini. Hawezi kusema "kama alivyosema baba" kuhusu mgomba wake mwenyewe. Mwombe wa chini kabisa ya mfongo aanze, kwa sababu maji humfikia mwisho, na yeye ndiye anayejua kila kilichotokea juu. Halafu jibu likija, lijibu. Akisema yaliishia kwenye kahawa, uliza: "Kahawa ya juu ya nyumba au ya chini?" Swali hilo dogo linawaambia wote kwamba unasikiliza, na kwamba undani unatakiwa.

Nisiuze mbinu hii kama dawa ya kila kitu. Visa vina mipaka yake.

Kwanza, ukimya si jibu. Wamarekani wawili, Howard Schuman na Stanley Presser, waliuliza watu ni jambo gani muhimu zaidi mtoto ajifunze ili kujiandaa na maisha. Walipotoa orodha ya majibu, karibu watu 62 katika 100 walichagua kujifikiria mwenyewe. Walipoacha swali wazi, bila orodha, waliotaja jambo hilo walikuwa karibu 5 tu katika 100. Orodha iliwatia watu maneno mdomoni, ndiyo. Lakini pia inawezekana wengi walilithamini jambo lile ila halikuwajia peke yake. Kwa hiyo mtu asipotaja msitu kwenye kisa chake cha maji, usiandike kwamba haoni uhusiano. Kamilisha kwanza kisa, kisha uulizie.

Pili, kisa hakijui chanzo chake. Mkulima anajua maji yaliishia wapi. Hajui lazima kama ni mvua au ni bomba la juu, na kukisia kwake, hata kwa maneno mengi, hakugeuki kipimo. Kisa kinakuonyesha pa kwenda kupima, nawe bado unatakiwa uende na chombo cha kupimia.

Tatu, kuna mambo ambayo neno moja ndilo linalofaa. Una ng'ombe wangapi? Wawili. Usimtese mtu kwa kumwomba kisa cha ng'ombe.

Namna ya kujua kama swali lako limekaa sawa ni rahisi, na haihitaji kutoka chumbani. Chukua karatasi, andika majibu matano unayotarajia. Kama umeweza kuyaandika yote matano na yanafanana, swali hilo halina haja ya kuulizwa, umeshalijibu. Kisha jaribu kulijibu wewe mwenyewe kwa neno moja. Ukiweza, na wao wataweza. Mwisho, litamke kwa sauti kana kwamba uko mlangoni kwa shangazi yako. Likisikika kama salamu, litajibiwa kama salamu. Likisikika kama polisi, litajibiwa kama polisi.

Kwa wenye ndugu mlimani, jaribuni swali moja wiki hii. Msimuulize bibi kama mvua zimepungua. Muulizeni: "Bibi, ulipoolewa hapa, kiangazi kikikolea, mlikuwa mnachota maji wapi, na ulikuwa unarudi saa ngapi?" Halafu nyamazeni, mkae na kalamu.